Ripoti Inapokoma Kimyakimya: Marudio, Logi na Tahadhari katika Takwimu za Vituo vya Afya

Ripoti ya kiotomatiki, yaani ripoti ambayo kompyuta huitayarisha na kuituma yenyewe kwa saa iliyopangwa bila mtu kuiamuru, hushindwa kwa namna mbili ambazo madhara yake hayalingani. Namna ya kwanza ni ile ambayo programu hukwama, ikaandika kosa na mtu akaliona siku hiyohiyo; namna ya pili ni ile ambayo kazi hukoma bila kusema lolote, na kwa kuwa wapokeaji wengi huichukulia siku isiyo na malalamiko kuwa siku njema, pengo hugunduliwa baada ya wiki kadhaa, wakati takwimu za siku hizo zinapohitajika na hazipo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuikabili namna ya pili kwa kutumia mambo matatu yanayosaidiana: kujaribu tena, kuweka kumbukumbu za utendaji, na kutoa tahadhari ambayo haitegemei kompyuta iliyoshindwa.

Mfano utakaofuatwa ni wa shirika la kubuni linaloendesha vituo viwili vya afya, kimoja katika mtaa wa Tuwan mjini Kitale na kingine mjini Bungoma. Kila kituo kina kompyuta ndogo ya Linux katika chumba cha kumbukumbu, na kila usiku kompyuta hiyo huhesabu wagonjwa wa siku iliyopita kwa umri na kwa ugonjwa, kisha hupeleka hesabu hizo kwenye seva ya shirika inayotumia DHIS2. Hii ni programu ya takwimu za afya iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011 na ambayo ndiyo msingi wa mfumo wa kitaifa wa KHIS. Hesabu za kila siku hujumlishwa mwisho wa mwezi na kuingizwa KHIS, ambako kwa kawaida ripoti ya mwezi hutakiwa kufika si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo siku tisa zikipotea katikati ya Mei bila kujulikana, jumla ya Mei itatoka ndogo kuliko ukweli, na upungufu huo utasomeka kama kupungua kwa wagonjwa.

Saa ya kazi kuanza

Kabla ya kuzungumzia marudio, inafaa kuhakikisha kwamba kazi inaanza, kwa kuwa ukimya mwingi huzaliwa hapa. Chombo kilichozoeleka cha kuanzisha kazi kwa saa katika Linux ni `cron`, nacho kina tabia mbili ambazo asiyezijua hudhani kazi inaendelea. Tabia ya kwanza ni kwamba ikiwa kompyuta imezimwa katika dakika iliyopangwa, `cron` haitaikumbuka kazi hiyo itakapowashwa. Itasubiri usiku unaofuata. Tabia ya pili ni kwamba maandishi yote ambayo kazi inatoa, pamoja na makosa, hutumwa kwa barua pepe ya ndani ya kompyuta, na mahali ambapo hakuna programu ya barua iliyowekwa maandishi hayo hutupwa, na kinachobaki katika kumbukumbu za mfumo ni mstari mmoja tu unaosema `No MTA installed, discarding output`.

Katika mji ambao umeme unaweza kukatika usiku na kurudi alfajiri, tabia ya kwanza peke yake inatosha kuifanya `cron` isifae kwa kazi hii. Kipima saa cha `systemd`, ambacho huja pamoja na matoleo mengi ya Linux ya leo, kina mpangilio wa `Persistent` unaoweka alama ya mara ya mwisho kazi ilipoanzishwa, na kompyuta ikiwashwa baada ya kuikosa saa, kazi huanzishwa mara moja:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:30:00 Africa/Nairobi
Persistent=true
```

Jina la eneo la saa limeandikwa waziwazi kwa sababu nzuri. Saa nane na nusu usiku kwa msemaji wa Kiswahili ni 02:30 kwa kompyuta, na si nadra mtu kuandika 08:30 au 20:30 kwa mazoea ya ulimi. Zaidi ya hapo, seva nyingi za kukodi huwekwa katika saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Katika seva kama hiyo, saa nane na nusu usiku wa kuamkia tarehe 9 Kitale bado ni 23:30 ya tarehe 8, na amri inayouliza tarehe ya jana itajibiwa tarehe 7 badala ya tarehe 8. Ripoti itatumwa, itapokelewa, na itakuwa na makosa ya siku moja kila usiku bila kompyuta yoyote kulalamika. Dawa ni kuandika `export TZ=Africa/Nairobi` ndani ya skripti yenyewe, yaani faili ya amri zinazotekelezwa kwa mfuatano, ili hesabu ya tarehe isitegemee mahali kompyuta ilipo.

Kujaribu tena kwa kuchagua

Kujaribu tena ni kuirudia hatua iliyoshindwa kwa matumaini kwamba sababu ya kushindwa imeondoka. Matumaini hayo yana msingi kwa makosa ya muda tu: modemu haijapata mtandao, seva imelemewa, muunganisho umekatika katikati. Makosa ya kudumu, kama vile nenosiri lililobadilishwa au data isiyo na umbo linalotakiwa, hayaponi kwa kurudiwa, na wakati mwingine marudio huyazidisha. DHIS2, kwa mfano, ina mpangilio wa kuifunga akaunti kwa muda baada ya mtu kukosea nenosiri mara kadhaa, kwa hiyo skripti inayong'ang'ania nenosiri la zamani inaweza kuifunga akaunti ambayo watu wengine pia wanaitumia.

Tofauti hiyo husomeka katika majibu ya seva. Nambari 429, 502, 503 na 504 za itifaki ya HTTP humaanisha kwamba seva imelemewa au haifikiki kwa sasa, na ombi linaweza kurudiwa. 400, 401, 403 na 404 humaanisha kwamba ombi lenyewe lina kasoro au halina ruhusa, na kulirudia vilevile ni bure. Kwa upande wa `curl`, chombo cha kutumia mtandao kwa amri, nambari 6 humaanisha kwamba jina la seva halikutafsirika, 7 kwamba muunganisho ulikataliwa au haukufika, na 28 kwamba muda umekwisha. Zote tatu kwa kawaida ni makosa ya muda. Ikumbukwe kwamba bila alama ya `-f`, `curl` hujitangaza kuwa imefaulu hata seva ikijibu 500, kwa kuwa kwa hesabu yake jibu limepatikana. Kuisahau herufi hiyo moja kunatosha kuyageuza makosa ya seva kuwa mafanikio ya uongo.

Skripti ya kutuma inaweza kuyagawa makosa hayo kwa msimbo wa kutoka, yaani nambari ambayo programu huiacha inapomaliza: 0 kwa mafanikio, 75 kwa kosa la muda, ambayo ni desturi ya siku nyingi katika mifumo ya jamii ya Unix, na nambari nyingine yoyote kwa kosa la kudumu. Baada ya hapo mzunguko wa marudio, ulioandikwa katika skripti yake yenyewe, huwa mfupi:

```
subira=60
for jaribio in 1 2 3 4 5 6; do
  hali=0
  ./tuma.sh "$SIKU" || hali=$?
  echo "$(date -Is) siku=$SIKU jaribio=$jaribio hali=$hali"
  [ "$hali" -ne 75 ] && break
  [ "$jaribio" -lt 6 ] && sleep $((subira + RANDOM % 30))
  subira=$((subira * 2))
done
exit "$hali"
```

Subira huanza na dakika moja na kuongezeka maradufu, ikawa dakika 1, 2, 4, 8 na 16, hivyo majaribio sita yanaenea katika nusu saa na kidogo. Kuongeza subira hivi huipa seva iliyolemewa nafasi ya kupumua, na sekunde chache za bahati nasibu zinazoongezwa kila mara huzuia vituo vya Tuwan na Bungoma, pamoja na vingine vitakavyoongezwa, kuigonga seva kwa pamoja kila inapofufuka.

Swali linalofuata ni iwapo kurudia kunaweza kuandika hesabu ileile mara mbili. Muunganisho unaweza kukatika baada ya seva kupokea data lakini kabla ya kituo kupata jibu, na kituo kitatuma tena kwa kudhani hakikufaulu. Katika DHIS2 hatari hii ni ndogo kwa thamani za jumla, kwa sababu kila thamani hutambulika kwa aina ya takwimu, kipindi, kituo na kundi lake, na ikija tena huandikwa juu ya ile ya awali. Anayetuma kwenye hifadhidata yake mwenyewe hana budi kujenga kinga kama hiyo, kwa kuweka ufunguo wa aina ya takwimu, siku, kituo na kundi, na kuamuru kwamba safu ikishakuwepo isasishwe badala ya kuongezwa nyingine.

Marudio ya nusu saa hayawezi kuziba pengo la mtandao uliopotea kwa siku mbili, na kuyarefusha hadi siku mbili si suluhisho. Lililo imara zaidi ni kubadilisha swali ambalo kazi hujiuliza kila usiku. Badala ya kuuliza jana ni tarehe ngapi, iulize ni siku zipi kati ya 14 zilizopita ambazo seva haijathibitisha kuzipokea, kisha izipitishe zote, moja baada ya nyingine, katika mzunguko ule wa marudio. Kwa mpango huo, usiku wa kwanza ambao mtandao unarudi hulipa deni lote bila mtu kukaa kukumbuka tarehe zilizorukwa.

Logi inayojibu maswali

Logi ni faili ambamo programu huandika ilichofanya na ilikifanya lini. Thamani yake haiko katika wingi wa maandishi, bali katika kujibu maswali manne: kazi ilianza lini, ilishughulikia siku gani, thamani ngapi zilitumwa na ngapi zilipokelewa, na iliisha kwa hali gani. Mstari mmoja wa mwisho kwa kila siku, wenye umbo lisilobadilika, hutosha:

```
2025-05-09T06:12:02+03:00 kituo=tuwan siku=2025-05-08 jaribio=4 zilizotumwa=38 zilizopokelewa=38 zilizopuuzwa=0 hali=0
```

Tofauti kati ya zilizotumwa na zilizopokelewa ndiyo inayofichua kimya cha aina ya hila zaidi. Jibu la DHIS2 huwa na hesabu ya thamani zilizoingizwa, zilizosasishwa na zilizopuuzwa, na thamani inaweza kupuuzwa kwa sababu, kwa mfano, kituo hakijaunganishwa na fomu husika au kipindi kimefungwa. Skripti inayoangalia tu kama seva imejibu, bila kusoma hesabu hizo, inaweza kuhesabu mafanikio usiku ambao hakuna hata thamani moja iliyohifadhiwa. Kanuni nyepesi ni kwamba zilizopuuzwa zikizidi sifuri, hali ya kazi isiandikwe 0.

Upande wa kituo nako kuna tundu linalofanana na hilo. Katika skripti za Bash, amri zinapounganishwa kwa mkondo, ambapo matokeo ya moja huingia katika nyingine, hali inayohesabiwa ni ya amri ya mwisho peke yake. Hifadhidata ikikataa kufunguka, amri ya kwanza itashindwa, ya pili itapokea utupu na kuuandika kwenye faili bila tatizo, na mkondo mzima utahesabiwa kuwa umefaulu. Mstari `set -euo pipefail` mwanzoni mwa skripti huliziba tundu hilo kwa kuufanya mkondo ushindwe pale sehemu yake yoyote inaposhindwa.

Hata hivyo, hakuna amri inayoweza kujua kwamba sifuri si sifuri ya kweli, na hapa ndipo ujuzi wa mahali unapoingia katika skripti. Bungoma imo katika ukanda wa ziwa ambako malaria ni ya kudumu, na siku ya kazi ya mwezi Mei, katika mvua za masika, isiyo na mgonjwa hata mmoja wa malaria katika kituo chenye shughuli ni jambo la kutiliwa shaka. Kitale iko katika nyanda za juu, na sifuri ya malaria Tuwan siku ya Jumapili inaweza kuwa ukweli mtupu. Kwa hiyo kipimo kisiwe kimoja kwa vituo vyote. Kila kituo kilinganishwe na siku zake za wiki zilizotangulia: Jumatatu ya sasa ikiwa chini ya theluthi ya wastani wa Jumatatu nne zilizopita, ripoti itumwe lakini itiwe alama ya kukaguliwa. Chanzo cha kawaida cha sifuri za uongo ni programu ya kituo kusasishwa na kubadilisha jina la safu au msimbo wa ugonjwa, na logi inayoandika hesabu kila siku huonyesha wazi tarehe ambayo takwimu ziliporomoka.

Logi isibebe majina ya wagonjwa wala nambari zao, hata pale ambapo kufanya hivyo kungerahisisha kutafuta kosa, kwa kuwa taarifa za afya zimo katika kundi nyeti linalolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na faili ya logi huwa hainakiliwi wala kulindwa kwa uangalifu unaopewa hifadhidata.

Tahadhari inayotoka nje

Marudio na logi, hata vikipangwa vizuri namna gani, vina kikomo kimoja: vyote vinakaa ndani ya kompyuta ambayo huenda imezimika. Kompyuta isiyo na umeme haiandiki logi kwamba haina umeme, na skripti ambayo haikuanzishwa haiwezi kutuma ujumbe kwamba haikuanzishwa. Kwa sababu hiyo tahadhari ya kimya hujengwa kinyume na tahadhari ya kawaida. Kazi hutuma ishara fupi ya uhai kila inapomaliza salama, na mlinzi aliye mahali pengine, kwenye umeme mwingine na mtandao mwingine, hutoa tahadhari pale ishara inapokosekana. Huduma kama Healthchecks, ambayo programu yake ni huria na inaweza kuwekwa kwenye seva ya mtu mwenyewe, hufanya kazi hiyo, na upande wa kituo unahitaji amri moja tu:

```
curl -fsS -m 10 --retry 3 "$ANWANI_YA_ISHARA"
```

Amri hii iwekwe mwisho kabisa wa skripti kuu, ile inayouita mzunguko wa marudio, baada ya hesabu za seva kusomwa na kulingana. Ikiwekwa mwanzoni, au katika mstari wa ratiba unaotekelezwa bila kujali matokeo, itathibitisha tu kwamba kompyuta iko hai, jambo ambalo halikuulizwa. Kosa la kudumu linapotokea, kama lile la nenosiri, kazi inaweza kutuma ishara ya kushindwa papo hapo badala ya kuacha muda upite.

Muda ambao mlinzi atangoja upimwe kwa saa ambayo mtu anaweza kuchukua hatua. Takwimu za wagonjwa wa nje hazihitaji kumwamsha mtu saa tisa usiku. Tahadhari ikija saa 12:30 asubuhi inatosha kwa mhusika kupita kituoni akielekea kazini. Chukulia usiku ambao umeme wa Tuwan umekatika saa saba na kurudi saa kumi na mbili na dakika tatu asubuhi. Saa nane na nusu ilipita kompyuta ikiwa imezimwa. Ilipowaka, `Persistent` iliianzisha kazi, jaribio la kwanza likapata nambari 6 kwa kuwa modemu ilikuwa haijashika mtandao, la pili na la tatu vivyo hivyo, na la nne likafaulu saa 12:12, kama mstari wa logi uliotangulia unavyoonyesha. Ishara ikafika dakika 18 kabla ya kikomo, na hakuna aliyesumbuliwa kwa hitilafu iliyojiponya. Kama umeme ungerudi saa nne asubuhi, mhusika angepata ujumbe saa 12:30 na angejua pa kuanzia.

Ujumbe wenyewe uwe na mambo manne: kituo, mara ya mwisho kufaulu, kosa la mwisho lililojulikana, na hatua ya kwanza ya kuchukua. Kwa mfano: "Tuwan: ripoti ya 8 Mei haijafika. Mara ya mwisho kufaulu: 8 Mei, 02:31. Hakuna kosa lililopokelewa. Kagua umeme na modemu." Maneno "hakuna kosa lililopokelewa" yana uzito katika ujumbe huo, kwa kuwa yanamwambia msomaji kwamba tatizo huenda ni la umeme au mtandao na si la data. Ujumbe utumwe kwa mtu mmoja mwenye zamu, na usipojibiwa kwa saa mbili upelekwe kwa wa pili. Ujumbe unaotumwa kwa kundi la watu kumi, kila mmoja humwachia mwenzake. Vilevile utumwe hali inapobadilika, yaani kazi inapokoma na inapofufuka, wala si kila jaribio linaposhindwa, kwa maana simu inayolia mara sita kwa usiku wenye mtandao dhaifu huishia kunyamazishwa, na tahadhari iliyonyamazishwa ni kimya kingine.

Mwisho, mlinzi naye hupimwa. Mara moja kila mwezi, siku ambayo haiko karibu na tarehe 15, kipima saa cha kituo kimoja kizimwe kwa makusudi bila kumwarifu mwenye zamu. Asipopata ujumbe kufikia saa 12:30 asubuhi, kinachotafutwa ni kama nambari yake ya simu imebadilika, kama salio la huduma ya ujumbe limekwisha, au kama ishara ya uhai inatumwa na amri isiyohusiana na ripoti. Kipima saa kikiwashwa tena, siku iliyorukwa italipwa na kazi yenyewe, na malipo hayo yakionekana katika logi, jaribio limepima tahadhari na deni la siku kwa pamoja.